Chumba cha Salimu

Godoro lao la tano kwa sita lilikuwa limebonyea katikati, na sponji ikishabonyea haiinuki tena. Kila mmoja alianzia ukingoni kwake; ikifika saa saba usiku wote wameporomokea bondeni, Mzee Shabani chali, anakoroma. Bi Mwanaidi akimgeuza ubavu, hunyamaza kidogo kisha anarudi chali. Ikaja tezi dume: safari nne za choo kwa usiku, na kila safari chandarua kinafunuliwa, mbu wa Ngamiani wanaingia.

Asubuhi wakawa wanagombania vitu vya ajabu. Chumvi. Kifuniko cha birika.

"Baba Salimu, nataka kuhamia chumba cha Salimu."

Mzee akatua kikombe. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nataka kulala."

Chumba kilikuwa stoo. Wakatoa gunia la mkaa, baiskeli isiyo na mnyororo na makopo ya rangi, wakaingiza kitanda cha tatu kwa sita. Chandarua kilifungwa juu mno, pindo halikuchomekeka chini ya godoro, Bi Mwanaidi akaamka na mapele miguuni. Kamba zikarefushwa shubiri nzima. Kwa mzee likawekwa kopo lenye mfuniko kando ya kitanda, na taa ndogo ya kuchaji, asije akajikwaa gizani. Muuguzi wa kliniki ya presha aliuliza kile kidonge cha kukojosha anakimeza saa ngapi. Jioni, baada ya kula! Akamwambia akimeze asubuhi, na chai ya usiku aiache. Safari zikabaki mbili.

Kilichomtisha Bi Mwanaidi ni kile kimya: mzee anakoroma, pumzi zinakatika, kisha anashtuka akihema. Hilo nalo alilisema kliniki, wakaandikiwa kumwona daktari. Milango ikabaki wazi, na bakora ikaegeshwa ukutani: gongo moja, niko macho, matatu, njoo upesi.

Usiku wa kwanza hakulala mtu. Gongo moja, gongo moja, hadi adhana ya alfajiri.

Wiki ya pili mzee alitoka kuoga, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akasimama mlangoni kwa mkewe.

"Hodi."

"Nani?"

"Mgeni."

"Mgeni ana adabu?"

"Anayo, lakini si nyingi."

Bi Mwanaidi akacheka mpaka akakohoa. Tangu hapo, baada ya adhuhuri, mzee huja na sahani ya maembe yaliyomenywa, wakajinyoosha kwenye kile kitanda chembamba ambacho lazima mtu amkumbatie mwenzake asianguke. Saa kumi kila mtu na shughuli zake.

Majirani walishasema wameachana. Maneno yakafika Dar, Salimu akapiga simu mchana mchana.

"Mama, nasikia mmetengana vyumba. Baba yuko wapi nizungumze naye?"

"Yuko huku kwangu. Mpigie saa kumi."