Shilingi Mia Tano: Ngonjera ya Msamaha kwa Watoto Wanne

Ngonjera hii imetungwa kwa ajili ya Jumapili ya Mikaeli na Watoto, isemwe na watoto wanne wa Shule ya Jumapili mbele ya usharika kabla kikapu cha matoleo hakijapitishwa, na inachukua dakika nane hadi kumi ikiwa watoto hawakukimbizwa. Imejengwa juu ya sura ya 18 ya Injili ya Mathayo, sura inayoanza na mtoto aliyesimamishwa katikati ya wanafunzi na kuishia na mtumwa aliyesamehewa deni kubwa akakataa kusamehe dogo.

Watoto hawakupewa majina, kwa kuwa kisa ni cha kutunga na haifai mtoto yeyote abaki akiitwa mwizi uwanjani baada ya ibada. Mtoto wa Kwanza ndiye aliyesingiziwa. Wa Pili ndiye aliyekosa. Wa Tatu husimulia Maandiko. Wa Nne huuliza yale ambayo watoto huyauliza wakiwa peke yao. Mtoto wa Pili aketi benchi la nyuma tangu mwanzo wa ibada, akiwa na sarafu ya shilingi mia tano mkononi, na asisimame mpaka zamu yake ifike. Kila mstari una mizani kumi na sita, hivyo mtoto avute pumzi kwenye mkato wa katikati, wala asiimbe maneno kama anayehesabu ngazi.

FUNGU LA KWANZA: Jina lililouzwa

*(Watoto watatu wanasimama mbele ya madhabahu, nao wanasalimu pamoja.)*

WOTE WATATU
Twaanza kwa kumsifu, Bwana Yesu Mkombozi,
Aliyetutoa hofu, akatufuta machozi;
Wazee na waongofu, mchungaji na wazazi,
Tusikieni dhaifu, tulio kwenye malezi.

MTOTO WA KWANZA
Jumapili ya masika, mvua ikinyesha sana,
Darasani tulifika, wachache tukakutana;
Kikapu kikazunguka, sarafu zikagongana,
Moja haikuoneka, ya mia tano, hakuna.

Mwalimu aliuliza, nani ameichukua,
Kila mtu akawaza, macho chini yakatua;
Rafiki akajikaza, kidole akainua,
Jina langu akauza, kwa kosa nisilojua.

Nafasi sikupatiwa, machozi hayakufaa,
Na kwaya nikatolewa, benchi la nyuma kukaa;
Mwizi nikatambuliwa, na watoto wa mtaa,
Nyumbani nikakemewa, mama akanishangaa.

Leo mnaniambia, nisamehe niachie,
Haya ninayoumia, moyoni niyafukie;
Nani atanilipia, jina lipi nitumie?
Msinihimize pia, nijibuni nisikie.

FUNGU LA PILI: Deni mbili

*(Mtoto wa Kwanza anarudi nyuma hatua moja na kuinamisha uso. Mtoto wa Nne anamgeukia wa Tatu, wala si usharika, kwa sababu swali lake ni la kweli na linamtafuta mtu wa kulijibu.)*

MTOTO WA NNE
Nami pia nina swali, limenikaa moyoni,
Petro alisema hili: mara saba ukingoni;
Yesu kaipita mbali, saba mara ya sabini,
Nani aifike kweli, kwa hesabu vidoleni?

MTOTO WA TATU
Hakutaka tuhesabu, Bwana alipoyasema,
Alijibu kwa ajabu, kwa mfano wa huruma;
Na sura hiyo, sahibu, mtoto amesimama,
Kati yao kwa adabu, wakubwa wakitazama.

Inaanza na mtoto, inaishia na deni,
Mtumwa, jasho la moto, aliitwa hesabuni;
Talanta kama za ndoto, elfu kumi vitabuni,
Alipolia kitoto, kafunguliwa shingoni.

Ujira wa siku moja, dinari ndiyo thamani,
Elfu sita kwa pamoja, talanta moja kapuni;
Zidisha pasipo hoja, milioni kwa sitini,
Ndizo siku za kungoja, alipe deni kazini.

Alipofika njiani, alimkuta mwenzake,
Akamkaba shingoni, kwa dinari mia zake;
Kamtupa gerezani, mpaka alipe chake,
Kasahau ya enzini, machozi na hofu yake.

*(Mtoto wa Nne anainua mkono na kumkatiza. Msimamizi asimruhusu asubiri kwa upole. Hapa ndipo ngonjera inapogeuka.)*

MTOTO WA NNE
Ngoja kidogo, mwenzangu, dinari mia si haba,
Siku mia baba yangu, hulima tupate shiba;
Na jeraha la uchungu, tuliite kama mwiba?
Sema, wasikie wangu, na mama zetu na baba.

MTOTO WA TATU
Sikusema ni kidogo, wala Bwana hakusema,
Dinari mia ni zigo, zimehesabiwa vyema;
Msamaha si mtego, wa kuficha ya dhuluma,
Hulitaja kosa, pigo, ndipo hulitupa nyuma.

Yusufu akiwa mwana, miaka kumi na saba,
Nduguze walipatana, kumtenga naye baba;
Wakamuuza bayana, fedha ishirini haba,
Baba alilia sana, kwa kanzu yenye msiba.

Njaa ilipowafika, Misri nafaka huuza,
Kwa kilio katamka: ndimi mliyeniuza;
Kosa hakulifunika, wala chumvi kuongeza,
Kisha alipowashika, shingoni akajilaza.

FUNGU LA TATU: Swali la siri

*(Beti mbili zinazofuata zisemwe polepole, bila ishara za mikono. Najua wapo wazee watakaoona kwamba jambo hili halifai sikukuu ya watoto, lakini mtoto aliyefundishwa kusamehe bila kufundishwa kusema amefundishwa nusu tu, na nusu hiyo ni ya hatari.)*

MTOTO WA NNE
Swali la pili natoa, nisikizeni kwa kina,
Mkubwa akionea, mtoto kwa siri sana;
Kisha akanong'onea: samehe, nyamaza, mwana,
Je, huyo amekosea, mtoto akimnena?

MTOTO WA TATU
Hapana, hakukosea, na aseme mara moja,
Mama atamwelezea, mwalimu, pasi kungoja;
Na sheria kutetea, si chuki wala vioja,
Moyoni kumwachilia, si kukaa kwa pamoja.

FUNGU LA NNE: Benchi la nyuma

*(Kimya kifupi. Mtoto wa Pili anasimama kwenye benchi la nyuma, anapita katikati ya kanisa peke yake mpaka mbele, na hasemi neno mpaka amegeuka na kuwatazama watu wote, kwa kuwa kosa lake alilifanya mbele ya watu na maungamo yake nayo yanapaswa kufika kwa watu haohao.)*

MTOTO WA PILI
Sasa nianze usemi, niliyekaa gizani,
Nisijing'ate ulimi, mbele yenu kanisani;
Mwizi si yeye, ni mimi, niliweka mfukoni,
Maandazi, si uchumi, nikayala kichakani.

Utamu ulinitoka, kabla hata ya kumeza,
Kila nilipokumbuka, jina lako niliuza;
Tumbo lilinizunguka, usiku nikajiliza,
Kwaya ilipoitika, pengo lako lilikwaza.

Zakayo namsikia, aliyerudisha nne,
Maji nimewachotea, majirani na wengine;
Mia tano nimetia, mkononi, muione,
Na jina nililoua, kwa kinywa hiki lipone.

Sikuombi usahau, wala leo unipende,
Nilikutia dharau, kilima sharti nipande;
Kama bado si nafuu, siku hata mwezi wende,
Nitazame angalau, kisha, ukitaka, nende.

FUNGU LA TANO: Mkono

*(Mtoto wa Kwanza anainua uso. Asitabasamu mapema, beti tatu hizi zina safari ndani yake, na tabasamu, likija, lije lenyewe kwenye ubeti wa tatu.)*

MTOTO WA KWANZA
Nimekutazama, kweli, na moyo bado wauma,
Sitasema sikujali, uongo mbele ya umma;
Ulinitupa kwa mbali, ukanisukuma nyuma,
Hesabu yake kamili, nimekwisha kuisoma.

Ila nami ni mdeni, usiku namlilia
Baba aliye mbinguni, deni kuniachilia;
Chenji yake ya dukani, mama nilimfichia,
Mkono huu, wa nani, shingo yako kushikia?

Ninakuachia, ndugu, leo hii, mbele yao,
Likiota tena gugu, hasira, kwenye mazao,
Nitang'oa shina sugu, kwa subira na kilio,
Twende, tupishe vurugu, kwayani tukae leo.

*(Anampa mkono. Mtoto wa Nne anasogea mbele yao na kuusemesha usharika mzima. Ubeti huu usifutwe hata muda ukiwa mfupi: aliyesingizia alikuwa mmoja, lakini walioamini bila kuuliza walikuwa wengi, nao hawajaombwa chochote mpaka sasa.)*

MTOTO WA NNE
Na tuliomwita mwizi, je, sisi tumeepuka?
Walimu na wachunguzi, ushahidi tuliruka;
Alipodondosha chozi, hakuna aliyeshtuka,
Nasi tunamwomba wazi, radhi kwa tulomtwika.

*(Mwalimu wa Shule ya Jumapili anakuja na kikapu, anasimama kando ya Mtoto wa Kwanza na kumwinamia kidogo kwa kichwa. Hasemi kitu. Mtoto wa Pili anaitumbukiza sarafu yake, na wote wanne wanamalizia kwa sauti moja, huku mzee wa kanisa akielekea na kikapu mlangoni, kwenye viti vya mwisho.)*

WOTE WANNE
Sasa kikapu kipite, benchi la nyuma kianze,
Mia tano tuipate, wazee na waitunze;
Hawa wawili na wote, wimbo wao wajifunze,
Mwalimu, kinanda lete, ubeti wake tuanze.

*(Kinanda kinaanza. Mtoto wa Kwanza na wa Pili wanakwenda pamoja kwenye viti vya kwaya, wengine wawili wakiwafuata, na matoleo yanaendelea.)*