Hongera, shoga yangu!

Shoga yangu, hongera sana! Ufadhili kamili wa kwenda kusoma nje ya nchi, ada na posho ya kujikimu, si jambo dogo. Umeupigania, na nimefurahi mpaka machozi yamenitoka.

Ila nisikufiche, nitakukumbuka mno. Nani tena atanipigia jioni bila sababu, aniulize tu nimekula nini? Ukiniona kimya siku hizi usidhani nina kinyongo. Ni upweke umeanza kubisha hodi kabla hujaondoka.

Sasa ya safari. Kagua pasi yako, nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa angalau miezi 6. Barua ya udahili, ya ufadhili na vyeti halisi vikae kwenye begi la mkononi. Sanduku likichelewa navyo vikiwa ndani, utakwama. Pawabenki nayo ibebe mkononi, kwenye mizigo ya chini hairuhusiwi. Posho ya kwanza mara nyingi husubiri ufungue akaunti kule, kwa hiyo jitahidi uwe na akiba ya mwezi mzima. Na laini yako ya simu ya hapa nyumbani usiiache ifungwe, benki hutuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo.

Tuongee kila Jumapili jioni, kwa saa za kwako. Masomo yakikubana, nitumie hata sauti ya dakika moja.