Game of Thrones imenishinda

Shoga, mambo? Umeuliza nimefika wapi na Game of Thrones. Nimeishia msimu wa 5, na siendelei. Flashi yako nakuletea Jumamosi nikija Kirumba, usininunie.

Msimu wa 1 ulinikamata kweli. Ned Stark anakatwa kichwa sehemu ya 9, na sisi tumezoea stering hafi! Baadaye wahusika wakawa utitiri, kila mtu yuko safarini na hafiki. Na wanawake wanavyoteswa mle... ile ya Sansa, binti wa Ned, usiku wa harusi yake nilizima kabisa. Bado kuna misimu mpaka 8, jumla sehemu 73. Muda huo nautoa wapi?

Siku hizi nataka kitu kinachoisha. Nimemaliza Chernobyl, ile ya ajali ya kinu cha nyuklia, sehemu 5 tu. Yule mwanasayansi Legasov yuko mahakamani, anapachika vibao vyekundu na vya bluu akieleza kinu kilivyolipuka, na mimi niliyeikimbia fizikia nikaelewa. Sato wangu aliungulia jikoni, sikusikia hata harufu.

Nimekuwekea humo humo kwenye flashi. Anza nayo, halafu unipigie.