Tangazo la kupunguza wafanyakazi

Jamani, asanteni kwa kusimamisha kazi kidogo mkaja. Sitazunguka: leo tunapunguza watu 14 kati yetu 62. Mteja wetu mkubwa hakuongeza mkataba, na mimi niliajiri nikitegemea angebaki. Hesabu hiyo niliikosea mimi, si nyinyi. Hakuna anayeondoka kwa uzembe.

Najua kila mmoja anajiuliza, "Ni mimi?" Kabla ya saa sita mchana mtakuwa mmeshajua. Wahusika wataitwa mmoja mmoja, wazungumze na msimamizi wao faraghani. Barua itaeleza kiinua mgongo, siku za likizo zilizobaki na tarehe ya mwisho wa kazi. Msiisaini leo. Nendeni nayo nyumbani, muisome, mumwonyeshe mtu mnayemwamini. Tunaisubiri hadi Ijumaa ijayo. Mshahara wa miezi miwili ya notisi utalipwa wote, na bima ya afya itaendelea kwa muda huohuo.

Hakuna atakayesindikizwa na mlinzi getini. Anayetaka kwenda nyumbani sasa, aende, kazi za leo zitasubiri. Mimi nipo humuhumu chumbani mpaka jioni. Hata ukitaka kuja kunifokea, njoo.