Salamu za kufungua kipindi cha asubuhi, Jumatatu 28 Aprili, Tanga

(Muziki wa kufungulia unashuka taratibu. Saa 12:00 kamili.)

Sabalkheri Tanga! Mwaamkaje? Shikamooni wazee wetu. Watoto mlioko mezani na chai, marahaba. Assalaam alaykum, Bwana asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, na wewe ambaye bado uko chini ya shuka unasikiliza kwa sikio moja, karibu pia. Jua bado dakika ishirini na ushei lichomoze. Tuko pamoja mpaka saa 3.

Mvua imepiga tangu usiku wa manane na hapa tulipo bado inanyunya. Leo pia ni bamvua: mwezi umezama gizani na mpya unaangaliwa jioni ya leo. Hayo mawili, mvua na bamvua, ndiyo yatakayoiendesha siku yetu, kwa hiyo kila ninayemsalimu asubuhi hii nampa na lake la kutoka nalo mlangoni.

Nianze ufukweni. Wavuvi wa dagaa mnaovuta ngalawa na mashua sasa hivi pale Sahare baada ya kukesha na taa, poleni na kazi, na hongereni kwa giza zuri. Akina mama mnaowapokea na beseni: leo msitegemee jua la kuanikia. Dagaa aliyelala mbichi kwenye beseni mpaka saa 5 akisubiri mawingu yafunguke hupasuka tumbo na kunuka. Mchemsheni mapema kwenye maji ya chumvi, kisha mtandazeni kwenye chanja, safu nyembamba, na turubai liwe karibu. Mchangani msimwanike, maana mchanga uliolowa haumkaushi, unamrudishia maji.

Wakulima wa mwani, wachokoaji wa pweza, maji yatakupwa sana leo, na yatafika chini kabisa kati ya saa 4 na saa 4:30 asubuhi. Shukeni nayo yanaposhuka, kama saa 2:30, mpate muda wa kutosha wa kufunga taitai na kubadilisha kamba. Ila sikilizeni vizuri hapa: maji ya bamvua yakianza kugeuka hayaji polepole. Leo kati ya kupwa na kujaa kuna zaidi ya mita 3, na yote hiyo inarudi kwa saa sita. Saa 5 iwakute mnageukia nchi kavu, hasa mliovuka mkondo kufika kwenye fungu. Na mwani uliokwisha vunwa ufunikeni. Ukinyeshewa ukiwa unakauka, chumvi inaoshwa, unapauka, na mnunuzi anashusha bei.

Tuingie mjini. Ngamiani, Makorora, Chumbageni, Mikanjuni, habari za huko? Maji ya bahari yatajaa kama saa 10 na robo jioni. Mvua ikinyesha saa hizo, mitaro inayomwaga baharini haitamwaga, kwa sababu bahari imepanda na kuziba midomo yake. Ndiyo maana siku nyingine mvua ya nusu saa tu inatujazia mtaa mzima na siku nyingine ya saa mbili inapita bila shida. Kwa hiyo kabla ya kwenda kazini, dakika kumi tu: toa chupa na mifuko kwenye mtaro ulio mbele ya mlango wako, na magunia ya unga yanyanyue sakafuni. Duka lako likiwa bondeni, waya wa ekstensheni usilale chini leo.

Vijana wa bodaboda na wapenzi wetu wa baiskeli, nawasalimu kwa heshima, mji huu mnaubeba. Barabara inateleza zaidi mvua inapoanza kuliko ikishanyesha sana. Oili na vumbi vya siku nyingi vinaelea juu ya lami kabla havijaoshwa. Mwendo upungue, breki za mbele na nyuma zishikwe pamoja na kwa upole, taa iwake. Ukiona dimbwi usilolijua, lizunguke. Chini yake kunaweza kuwa na shimo ulilolizoea wiki nzima au shimo jipya la usiku wa leo. Jioni pangusa cheni, itie oili, la sivyo kesho inalia.

Mama zangu wa vitumbua na maandazi, mmeamka kabla yetu sote. Ubaridi huu unachelewesha hamira. Unga usipoumuka kwa wakati wake msiongeze hamira nyingine, ladha itageuka kuwa ya pombe. Sogezeni beseni karibu na jiko, pembeni, si juu yake, funikeni kwa kitambaa, mwupe nusu saa zaidi. Mkaa nao umelowa? Wa leo utangulie kukauka kando ya jiko wakati wa jana unawaka.

Wazazi, maji ya kunywa. Mvua kubwa ikikokota uchafu mpaka visimani, maji yanayoonekana safi yanaweza kuwa na wadudu wa kipindupindu. Yachemsheni mpaka yatokote kwa nguvu, dakika moja nzima, halafu yapoe yakiwa yamefunikwa. Mnaotumia vidonge vya klorini, someni pakiti, maana kuna kidonge cha lita 20 na kuna cha lita chache zaidi. Maji yenye tope yachujeni kwanza kwa kitambaa safi. Tope hula dawa, wadudu wakabaki. Kisha tieni kidonge, msubiri nusu saa kabla ya kunywa. Na mtoto asivuke maji yanayokimbia kwa sababu eti kengele imegongwa. Mshikeni mkono, au achelewe.

Muheza, Pongwe, Korogwe, salamu nyingi! Mahindi yenu yamefika magotini na najua mifuko ya urea iko ndani inawasubiri. Leo isubiri. Mvua ya namna hii itaibeba mpaka mtoni. Ngojeni udongo uwe na unyevu bila maji kutiririka, kisha kila shina lipate kizibo kimoja cha soda, mbali na shina kwa upana wa vidole vitatu au vinne, na mfukie. Urea iliyoachwa juu ya udongo sehemu yake hupotea hewani, na ikigusa shina inaliunguza. Bwana shamba anaingia studio saa 1:30, andaeni maswali ya viwavijeshi. Tafadhali atakayeuliza atuambie mahindi yana wiki ngapi na kiwavi amemkuta wapi, juu ya jani au ndani ya moyo wa mhindi, maana jibu linategemea hapo.

Ratiba nyingine fupi: magazeti saa 12:30, habari saa 1 kamili, bei za soko la Mgandini saa 2:15. Salamu zinapokelewa kuanzia sasa kwa namba yetu ile ile ya kila siku. Andika neno SALAMU, jina lako, mtaa wako, na watu wasiozidi watatu unaowasalimu. Ukiwataja kumi ujumbe unakatika na shangazi aliye mwisho wa orodha hatajwi. Kwa sauti, sekunde 20 zinatosha, na usizungumzie chini ya bati, mvua juu yake inameza maneno.

Wagonjwa mliolala Bombo na wauguzi mnaobadilishana zamu saa hizi, hii inayofuata ni yenu. Taarabu ya hapa hapa Tanga, tuisikilize pamoja.

(Muziki.)