Ombi la ruhusa ya kumpeleka mwanafunzi hospitali

Limbani, Wete,
8 Septemba, 2025.

Mwalimu Mkuu,
Skuli ya Dakhalia,
Wete, Pemba.

Assalaam alaykum.

YAH: RUHUSA YA SALMA JUMA HAMAD, KIDATO CHA PILI

Mimi ni shangazi na mlezi wa mwanafunzi huyo. Naomba ruhusa nimchukue siku ya Alkhamisi, tarehe 11 Septemba, akaonane na daktari wa macho Hospitali ya Chake Chake. Nitamfuata saa 1:00 asubuhi na kumrejesha dakhalia kabla ya Magharibi, inshallah.

Likizo iliyopita nilimwona akisoma msahafu kausogeza hadi puani, akilalamika kichwa. Nilidhani ni uchovu. Sasa ananiambia ubao hauoni hata akikaa mbele. Roho yangu haijatulia.

Daktari huenda akamtia dawa ya kupanua mboni, nayo humfanya mtu aone ukungu kwa saa kadhaa. Kwa hiyo nakuomba asamehewe masomo ya usiku huo. Masomo ya mchana atanakili kwa wenzake.

Nitakuja mwenyewe na kitambulisho changu na kadi yake ya kliniki. Tafadhali asikabidhiwe mtu mwengine.

Wabillahi tawfiq.

Asha Hamad Faki
Mlezi