Ombi la Ruhusa ya Masomo na Hati ya Ahadi ya Kurejea Kazini

12 Mei 2025

Mkurugenzi wa Hospitali
K.K. Mkuu wa Idara ya Vifaa Tiba

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA RUHUSA YA MASOMO YENYE MALIPO, 1 SEPTEMBA 2025 HADI 30 APRILI 2026

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni fundi sanifu wa vifaa tiba, mwajiriwa wa kudumu katika hospitali hii. Nimepata nafasi ya kusoma stashahada ya juu ya matengenezo ya vifaa vya upumuaji na vya usingizi, pamoja na ugezi wa vipimo vya kitabibu. Masomo yote ni ya mwaka mmoja, ila miezi minane tu ndiyo ya kukaa chuoni. Miezi minne ya mwisho ni ya mradi wa vitendo, na chuo kimekubali niufanyie hapa hapa kazini. Kwa hiyo ninachoomba ni ruhusa ya miezi minane, siyo mwaka. Barua ya udahili na ratiba ya masomo nimeziambatisha.

Naomba nieleze kwa nini kozi hii na siyo nyingine, maana najua maombi ya masomo yanayofika mezani kwako ni mengi, na mengi yanafanana.

Mashine zetu za kuzalisha oksijeni wodini zinafanya kazi kwa kusukuma hewa ya kawaida kwenye mitungi yenye zeolaiti. Zeolaiti inainasa naitrojeni, kinachopita kikawa oksijeni nyingi. Mashine nzima inapaswa kutoa oksijeni ya takriban asilimia 93, na ikishuka chini ya asilimia 82 haifai tena kwa mgonjwa. Shida ni kwamba zeolaiti ikiingiwa na unyevu inachoka polepole, na uchovu huo hauonekani kwa macho. Kibao cha mtiririko kitaendelea kuonyesha lita tano kwa dakika, kompresa itanguruma vilevile, mapovu yataonekana kwenye chupa ya unyevu. Muuguzi akipita ataona mashine nzima. Mgonjwa ndiye atakayejua, na yeye hana namna ya kusema. Usafi wa oksijeni unajulikana kwa kuipima tu, na kipimo chenyewe nacho lazima kiwe kimefanyiwa ugezi, vinginevyo tunapima kosa kwa kosa.

Kwa sasa ninachoweza kufanya kwenye mashine hizi ni kusafisha vichujio, kubadilisha mipira iliyopasuka na kukagua umeme. Kufungua mitungi, kubadilisha zeolaiti, kukarabati vali zinazopokezana kati ya mtungi mmoja na mwingine, hayo sikufundishwa. Mashine ikifika hapo tunaiandikia "mbovu" na kuipeleka stoo. Mkuu wa Idara anafahamu hali ya stoo yetu. Nadiriki kusema kwamba baadhi ya zilizomo hazijafa, zimekosa mtu wa kuzifungua.

Mashine za usingizi ni habari ileile, ila hatari yake ni kubwa zaidi. Kivukizi cha dawa ya usingizi kikitoa zaidi au pungufu ya kinachoandikwa kwenye kitasa chake, daktari wa usingizi anakuwa anaendesha bila dira. Tunamsubiri fundi wa msambazaji aje, na wakati wa kumsubiri chumba kimoja cha upasuaji kinasimama. Otoklevu, pampu za dripu na mashine za kupimia moyo sizitaji kwa urefu kwa sababu hizo nazimudu, na kozi hii haizigusi sana.

Sisemi kwamba nikirudi hatutamhitaji tena fundi wa msambazaji. Tutamhitaji kwa mashine zilizo chini ya dhamana, na kwa vipuri ambavyo watengenezaji hawawauzii wengine. Ninachosema ni kwamba ugezi wa kila mwaka na matengenezo ya kinga ya mashine za oksijeni na za usingizi yanaweza kufanyika humu ndani, na kumbukumbu zake zikakaa humu ndani.

Kuhusu gharama, ada nimejipanga kuilipa mwenyewe. Ninachoomba kwa mwajiri ni mshahara wa msingi uendelee kwa miezi hiyo minane. Posho za zamu na za kazi za ziada sizidai, kwa kuwa sitakuwa zamu. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba wake wa likizo ya masomo yenye malipo, Na. 140 wa mwaka 1974, lakini sioni haja ya kuuegemea. Kanuni zetu za utumishi zinaruhusu, na uamuzi ni wako.

Sasa kazi nitakayoiacha. Hili ndilo naona litakusumbua zaidi, nami limenisumbua kabla ya kuandika barua hii. Idara ina mafundi wawili. Nikiondoka, mwenzangu anabaki na hospitali nzima, na siyo haki kumtupia mzigo wote halafu nikaenda zangu darasani. Tumekaa pamoja na Mkuu wa Idara tukakubaliana hivi: matengenezo ya kinga ya mashine za usingizi, ambayo kwa kawaida tunayafanya Novemba na fundi wa msambazaji, yaletwe mbele yafanyike Agosti kabla sijaondoka. Vichujio, fyuzi, betri na mipira ya kuzibia milango ya otoklevu viagizwe Juni ili viwepo stoo vya kutosha hadi Mei mwakani. Mwenzangu ameanza kushika nami kazi za chumba cha upasuaji, na kufikia Agosti atazifanya yeye huku mimi nikiangalia. Daftari la vifaa nalihuisha, kila kifaa na namba yake, mahali kilipo, ugonjwa wake wa mara kwa mara na dawa yake. Haya ya mwisho yamekuwa kichwani mwangu kwa muda mrefu mno, na ni vizuri yatoke hata kama ombi hili litakataliwa.

Nikiwa chuoni nitapatikana kwa simu kila Jumamosi kwa ajili ya mwenzangu. Siku za wiki sitaahidi, kwa sababu ahadi ya kupatikana muda wote ni rahisi kuiandika na ngumu kuitimiza mtu akiwa karakana ya chuo.

Najua pia kwamba mwajiri anayemtoa mtumishi kwenda kusoma ana hofu ya msingi: atalipa mshahara, kisha cheti kitamfungulia mtumishi mlango wa kwingine. Sikutaka hofu hiyo ijibiwe kwa maneno matupu. Nimeambatisha hati ya ahadi, nimeshaisaini, na niko tayari ipitiwe na mwanasheria wa hospitali na kuingizwa kwenye jalada langu.

Kuna ombi moja ninaloliweka wazi. Ahadi yangu ni ya kurudi na kuutumia ujuzi huu, na sehemu ya pili inategemea ofisi pia. Mtu akirudi na ujuzi wa mashine za usingizi kisha akapangiwa kusimamia magari, aliyepoteza si yeye peke yake. Naomba kwa muda wa ahadi nibaki kwenye vifaa tiba, na hospitali inunue kipimo cha usafi wa oksijeni kabla ya Mei 2026. Bila kipimo hicho nitarudi na elimu isiyo na pa kuishika.

Chuo kinataka uthibitisho wa mwajiri kabla ya 30 Juni. Nitashukuru nikipata jibu lako, hata kama ni la kuniita kwa maelezo zaidi, kabla ya tarehe hiyo.

Wako katika utumishi,

Asha Juma Mbarouk
Fundi Sanifu, Idara ya Vifaa Tiba

Viambatisho: barua ya udahili, ratiba ya masomo, mpango wa makabidhiano, hati ya ahadi.

HATI YA AHADI

Mimi, Asha Juma Mbarouk, fundi sanifu wa vifaa tiba, iwapo nitapewa ruhusa ya masomo yenye malipo kuanzia 1 Septemba 2025 hadi 30 Aprili 2026, naahidi kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu kama ifuatavyo.

1. Nitaripoti kazini Jumatatu, 4 Mei 2026. Nitaitumikia hospitali kwa miezi 24 mfululizo kuanzia siku hiyo hadi 3 Mei 2028. Miezi minne ya mradi wa vitendo imo ndani ya miezi hiyo kwa sababu nitakuwa nikifanya kazi ya hospitali. Hospitali ikiona isihesabiwe, nitaongeza miezi minne mwishoni.

2. Nitaleta matokeo ya kila muhula ndani ya siku 14 tangu yatoke. Nikifeli somo, nitalirudia kwa gharama yangu na bila kuomba nyongeza ya ruhusa.

3. Mradi wangu wa vitendo utakuwa ukaguzi na ukarabati wa mashine za kuzalisha oksijeni zilizoko wodini na stoo. Kila mashine itapimwa usafi wa oksijeni katika kila kiwango cha mtiririko, na majibu kuandikwa. Isiyofaa kukarabatiwa nitaiandikia sababu ili iondolewe rasmi kwenye orodha ya mali.

4. Ndani ya miezi sita tangu nirejee nitaandaa ratiba ya ugezi wa mashine za usingizi, vipimo vya oksijeni na pampu za dripu, na nitaisimamia. Fundi mwenzangu nitamfundisha yote niliyojifunza mpaka aweze kuyafanya bila mimi. Wauguzi wa wodi zenye mashine za oksijeni nitawaonyesha dalili za mashine iliyochoka na namna ya kusafisha kichujio cha nje.

5. Nikiacha kazi kwa hiari yangu, au nikifukuzwa kwa kosa la nidhamu, kabla ya 3 Mei 2028, nitarejesha mshahara niliolipwa nikiwa masomoni, ukipunguzwa sehemu moja ya 24 kwa kila mwezi niliotumikia. Kwa mfano, nikiondoka baada ya miezi 18, nitadaiwa robo. Deni hilo linaweza kukatwa kwenye stahili zangu za mwisho kwa kadiri sheria inavyoruhusu, na salio nitalilipa ndani ya miezi 12.

6. Nikiacha masomo bila sababu ya msingi, nitarejea kazini ndani ya siku saba, na mshahara wa muda niliokuwa nje utarejeshwa kwa utaratibu wa kifungu cha 5. Ugonjwa uliothibitishwa na daktari, uzazi, au chuo kusitisha kozi havitahesabiwa kuwa ni kuvunja ahadi. Muda utasogezwa mbele.

7. Ahadi hii itakoma na sitadaiwa chochote iwapo hospitali itanipunguza kazini. Hospitali ikinihamishia kazi isiyohusu vifaa tiba kwa zaidi ya miezi mitatu bila ridhaa yangu, miezi hiyo itahesabiwa kuwa nimeitumikia.

Nimeisoma hati hii, nimeielewa, nami nimeisaini leo, 12 Mei 2025, mbele ya Mkuu wa Idara ya Vifaa Tiba, ambaye naye amesaini kama shahidi. Nakala moja ibaki kwangu, moja iwekwe kwenye jalada langu la utumishi, na moja ipelekwe kwa mhasibu.

Asha Juma Mbarouk
Mtoa ahadi